Malumbano ya Dunbar na Kennedy: tutajuaje kwamba matusi yalikuwa mchezo?

Swali: Mwalimu, nimesoma kwamba katika ikulu ya Uskoti washairi walitukanana kwa beti ndefu mbele ya wakubwa, na wakaachwa salama. Kwa kuwa hakuna aliyewasikia aliye hai leo, msomaji atumie ushahidi gani kutambua kwamba yale yalikuwa mchezo na si uadui wa kweli?

Jibu: Ushahidi bora umo ndani ya shairi lenyewe, nami nitatumia lile la William Dunbar na Walter Kennedy, walioishi zama za Mfalme James wa Nne, aliyetawala Uskoti kuanzia 1488 hadi 1513. Waskoti waliuita ushindani wa aina hii flyting, neno lililomaanisha pia ugomvi wa kutukanana hadharani, ambao mabaraza ya miji yao yaliuadhibu kama kosa. Kwa hiyo tendo lililomtia mtu wa mtaani hatiani lilikuwa burudani ikulu, na kilichotenganisha hali hizo mbili ni ufundi.

Tuanze na umbo. Shairi lina mistari 552, yaani beti 69 za mistari minane minane. Dunbar anafungua kwa beti tatu, na Kennedy anamjibu kwa beti tatu vilevile. Kisha Dunbar anashika zamu ya beti 25, na Kennedy anafunga kwa beti 38. Kila mmoja ana mtu wa upande wake anayemtaja mwanzoni: Dunbar anamwelekea Sir John the Ross, na Kennedy anamwita jamaa yake Quintin. Mtu aliyeshikwa na hasira hapangi zamu namna hiyo, wala hampi mpinzani wake nafasi ya kusema maneno ya mwisho. Isitoshe, kadiri zamu ya Dunbar inavyokaribia kwisha, vina vinazidi kubana, hata katika ubeti wake wa mwisho mstari mmoja unabeba vina vitatu vya ndani, tusi juu ya tusi. Humo Kennedy anaitwa ombaomba na mvuvi wa chaza kwa maneno mawili yenye kina kimoja. Anayesikiliza anangoja kuona kama mshairi atajikwaa, kwa kuwa vina vikikatika ameshindwa, hata kama tusi lake ni kali.

Ushahidi wa pili ni uongo ulio wazi. Kennedy alikuwa kitukuu cha Mfalme Robert wa Tatu, na alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1478. Hata hivyo Dunbar anamchora kama mwizi wa kuku, amekonda kama Lazaro aliyetoka kaburini, akikimbia barabarani Edinburgh huku watoto wanamzomea na mbwa wa mji wanamfuata visiginoni. Wasikilizaji walimfahamu Kennedy, na kicheko chao kilitokana na umbali uliokuwapo kati ya mtu waliyemjua na picha waliyochorewa. Kennedy naye analipiza katika jambo ambalo mshairi huliona chungu zaidi, yaani kipaji: anadai kwamba yeye alitembea mlima Parnaso, makao ya ushairi kwa Wagiriki, ilhali Dunbar alikwenda kwenye dimbwi mwezi wa Februari au Machi akanywa mayai ya vyura. Mimi naliona hilo kuwa pigo zuri kuliko yote katika shairi zima, kwa sababu linatukana na papo hapo linathibitisha ubora wa anayetukana.

Lakini usihitimishe kwamba kila neno lilikuwa la kupita. Dunbar alitoka Lothian, mashariki, ambako watu walisema lugha iliyo jirani na Kiingereza. Kennedy alikuwa wa Carrick, kusini-magharibi, ambako Kigaeli kilikuwa bado hai. Dunbar anapokidharau Kigaeli, Kennedy hacheki. Anajibu kwamba hiyo ndiyo lugha njema ya nchi ile na kwamba ilipaswa kuwa lugha ya Waskoti wote wa kweli, kisha anaushambulia ukoo wa Dunbar kwa usaliti wa kale uliowanufaisha Waingereza. Utaitambua sehemu ya namna hii kwa jinsi kejeli inavyopungua na hoja kuanza kujengwa, hatua kwa hatua. Mchezo uliwaruhusu kusema mbele ya mfalme jambo lililokuwa likiwauma watu kweli.

Kuhusu uhusiano wao binafsi, Dunbar mwenyewe ameacha neno. Katika shairi lake la kuwaombolezea washairi waliotangulia, lililochapishwa yapata mwaka 1508, anataja majina ya marehemu mmoja baada ya mwingine, na karibu na mwisho anafika kwa mtu ambaye bado anapumua: Bwana Walter Kennedy mwema, aliyelala akikikabili kifo, na Dunbar anasema ingekuwa huzuni kubwa iwapo jambo hilo lingetokea.