Kabla ya kuandika i.e. kwenye ripoti, jiulize kama kuna kingine

Ninahariri ripoti za miradi, nyingi zikiwa za Kiingereza zilizoandikwa na wenzangu wanaozungumza Kiswahili kutwa nzima. Makosa ya sarufi hayanisumbui sana, kwa kuwa msomaji akiyaona atayaruka na bado ataelewa. Kinachonisumbua ni e.g. na i.e., maana ukikosea hapo sentensi inabaki safi kabisa huku ikisema jambo jingine.

Vyote viwili vimetoka Kilatini. E.g. ni exempli gratia, kwa mfano. I.e. ni id est, yaani. Wengi tumefundishwa kupima kwa kuweka neno la Kiswahili mahali pa kifupisho, na kwa e.g. kipimo hicho kinafaa. Kwa i.e. kinaweza kukupotosha, kwa sababu "yaani" ya mazungumzo tunaitumia kila mahali, hata kabla ya mifano: "Anauza kila kitu, yaani sukari, sabuni, mafuta." Sikio halishtuki, na mtu anaandika i.e. akiamini yuko sahihi.

Kipimo ninachokiamini ni swali moja: mbali na nilivyovitaja, kuna kingine? Kama kipo, andika e.g. Kama hakipo, andika i.e. Ya kwanza inaacha mlango wazi, ya pili inaufunga.

Chukua mfano wa ripoti ya maji. Kwa urahisi nitaweka sentensi kwa Kiswahili: "Tunapendekeza visima vilivyoharibika vikarabatiwe, i.e. kisima cha shule na kisima cha zahanati." Kiambatisho cha ripoti hiyohiyo kinaorodhesha visima 7 vilivyoharibika. Mtu wa bajeti akisoma mapendekezo bila kufungua kiambatisho, atatenga fedha za visima 2, na hatakuwa amekosea. Ameambiwa kwamba visima vilivyoharibika ndivyo hivyo viwili. Ukiweka e.g., vyote 7 vinaingia, na vile viwili vinakuwa mifano tu.

Hapo mhariri hana haki ya kubadilisha herufi kimyakimya. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, na anayejua ukweli ni aliyekwenda kuviona visima. Mimi humpigia simu mwandishi. Mara nyingi jibu huwa la tatu: alimaanisha vyote 7, ila waanze na hivyo viwili kwa sababu ndivyo vinavyotegemewa zaidi. Hakuna kifupisho kinachobeba maana hiyo, kwa hiyo tunaiandika waziwazi: "visima vyote 7 vilivyo kwenye Kiambatisho cha 2 vikarabatiwe, kuanzia cha shule na cha zahanati." Kwenye mapendekezo, mikataba na hadidu za rejea, mimi huviondoa vifupisho hivi kabisa. Mahali penye fedha au wajibu, maneno kamili hayaachi nafasi ya kubishana.

I.e. ina kazi yake halali, nayo ni kueleza upya au kubana maana. "Kipindi cha tathmini (i.e. Januari hadi Juni 2023)" ni sahihi, kwa kuwa kipindi ni hicho na si kingine. "Mazao ya biashara (e.g. korosho na ufuta)" nayo ni sahihi, maana mazao ya biashara hayaishii hapo.

Ukiona i.e. inafuatwa na orodha inayoishia na etc., ujue kuna kasoro: mwandishi amefunga mlango kisha akaufungua. E.g. pamoja na etc. haipotoshi, lakini ni kurudia, kwani e.g. imeshasema kwamba vipo vingine. Futa etc.

Kuhusu alama, fuata mwongozo wa taasisi unayoiandikia. Wamarekani huweka koma baada ya kifupisho: e.g., na i.e., hali Waingereza wengi hawaiweki, na baadhi yao huondoa hata nukta, wakaandika eg na ie. Mtindo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, unavitaka ndani ya mabano tu; nje ya mabano unaandika maneno kamili. Herufi za mlazo hazihitajiki. Usichanganye mitindo ndani ya ripoti moja, hasa pale sura zimeandikwa na watu tofauti. Na kama ripoti ni ya Kiswahili, tumia k.m. na yaani, uviache hivi vya Kilatini.

Kabla ya kutuma, bonyeza Ctrl+F na utafute i.e. pekee, kisha utafute tena ie bila nukta ukiwa umechagua neno zima, la sivyo utaletewa kila neno lenye herufi hizo. Simama kwenye kila moja uulize kama kuna kingine. Kwa uzoefu wangu i.e. ndiyo huwekwa mahali pa e.g., mara chache kinyume chake, kwa hiyo muda wako uutumie huko.