Umelipa mara mbili, na mhudumu wa chati haoni ahadi uliyopewa

"Habari za kazi. Nililipia intaneti ya nyumbani Sh 55,000 kwa simu, nikaona haijafika, nikalipa tena. Zote mbili zikakatwa. Nimeingia kwenye chati ya huduma kwa wateja mara tatu. Mara ya pili dada mmoja aliniahidi nitarudishiwa ndani ya siku tatu. Jana mwingine kaniambia haoni ahadi kama hiyo. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, nimekaa upande wa pili wa chati hizo miaka kadhaa, na huyo wa jana huenda kweli hakuona. Chati ikifungwa hubaki kwenye kumbukumbu na namba yake, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kuifuatilia. Kazi huanza ikifunguliwa tiketi, ambayo ina idara inayoishika na hubaki wazi mpaka mtu aifunge. Mara nyingi hizo ni namba mbili tofauti, na mteja hushika ya chati akidhani ndiyo ya tiketi. Kwa hiyo uliza: "Kuna tiketi ya malipo haya? Namba yake ni ipi, na iko idara gani?" Kama haipo, ifunguliwe mkiwa bado mnaongea. Mpe pia tarehe na saa ya chati ya pili, aisome mwenyewe.

Kabla ya kuingia, fungua akaunti yako uone yameingia malipo mangapi. Yakiwa mawili, pesa iko kwa kampuni ya intaneti na inaweza kurudishwa au kuhesabiwa mwezi ujao. Likiwa moja, pengine la pili limekwama njiani, na mtandao wa simu uliolipia nao inabidi uulizwe. Watu wengi hupoteza wiki nzima wakimbana asiye na pesa yao.

Mhudumu huwa anahudumia wateja kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo usiandike "habari" ukasubiri. Weka yote kwenye ujumbe wa kwanza:

"Akaunti namba … Nimelipa Sh 55,000 mara mbili kwa kifurushi kimoja, tarehe 27/2/2026, 14:07 na 14:31. Namba za miamala ni … na … Naomba malipo ya pili yarudi kwenye simu niliyolipia. Nimeambatisha picha za meseji."

Saa iandike kama ilivyo kwenye meseji. Niliwahi kuona mteja akiandika "saa 8" akimaanisha mchana, mhudumu akatafuta malipo ya 08:00 asubuhi, akamjibu hayapo. Namba ya muamala nayo inakili kutoka kwenye meseji na kuibandika, maana mhudumu hawezi kuinakili kutoka kwenye picha, na akiiandika kwa macho atachanganya O na 0.

Skrinishoti ionyeshe meseji nzima, pamoja na jina la mtumaji, tarehe na saa. Salio unaweza kulifunika. Namba ya siri, au ile inayotumwa kwa meseji kuthibitisha, usimpe mtu yeyote. Kufuatilia malipo hakuihitaji.

Sasa ahadi. Mhudumu wa chati kwa kawaida hana mamlaka ya kurudisha pesa, anapeleka ombi idara ya fedha. Anachoweza kukuthibitishia ni kwamba limekwenda, na siku ya kupata jibu. "Siku tatu" peke yake haitoshi: ombi likienda Ijumaa tarehe 6/3, siku tatu za kazi zinaishia Jumatano tarehe 11. Andika wewe, yeye athibitishe:

"Kabla hujafunga: tiketi namba … imepelekwa idara ya fedha leo 6/3, ombi ni Sh 55,000 zirudi kwenye simu niliyolipia, na nitapata jibu kufikia Jumatano 11/3. Ni sahihi?"

Akijibu "ndiyo", jibu lake limeingia kwenye kumbukumbu zao. Akikurekebisha, kwamba tarehe 11 ni ya jibu tu na pesa itachelewa zaidi, hilo pia lina faida kwako. Akijibu "tutalishughulikia", rudia swali kwa upole.

Usifunge dirisha bado. Omba nakala ya mazungumzo kwa barua pepe, na upige skrinishoti zako, mstari wa mwisho wa picha moja uonekane juu ya inayofuata ili isidaiwe kuna kilichorukwa. Kwenye kompyuta, Ctrl+P kisha "Save as PDF" husaidia, ila fungua faili uhakikishe lina mazungumzo yote. Madirisha mengine huchapa kinachoonekana tu.

Tarehe 11 ikipita kimya, anza chati mpya kwa namba ya tiketi na ile "ndiyo". Wakiendelea kukuzungusha, kwa Tanzania peleka malalamiko TCRA, kwa Kenya Mamlaka ya Mawasiliano. Wote watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa kampuni yenyewe, na hapo utaambatisha nakala ya chati, namba ya tiketi na meseji mbili za malipo.