Chupa ya kimchi inafoka

"Jamani, niko Dar, kimchi yangu, ile kabichi ya Kikorea ya kuchachushwa na pilipili, ina siku 3. Nimefungua kifuniko ikatoa psss! Nimwage?"

Usimwage, dada. Bakteria wanaochachusha kabichi hutoa gesi, na kwa joto la huko siku ya 3 ndio wamepamba moto. Mimi ningeuliza chumvi: kilo 1 ya kabichi inataka kama gramu 20. Ikipungua sana, hapo ndipo pa kuogopa, si mlio. Legeza kifuniko kila siku juu ya sinki, kandamiza kabichi izame majini. Ukiona ukungu kama pamba au ukisikia harufu ya kuoza, tupa yote.

– Yangu ilipasua chupa, nadhani pilipili ilizidi.

– Pilipili haina kosa, ulikaza kifuniko.