Skripti moja, ukumbi na mtandao: nilichojifunza Mtwara kwa shada la mkorosho

Mwezi wa 7 mwaka jana niliandika skripti ya mafunzo ya wakulima wa korosho hapa Mtwara mjini. Ukumbini walikuwepo watu kama 70. Wengine walitufuatilia mubashara kupitia YouTube, wakiwa Masasi, Newala, Nachingwea na Liwale. Mimi ndiye niliyekuwa mshereheshaji, na mtaalamu wa mimea alikaa pembeni yangu. Ukumbi ulichangamka, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Jioni akanipigia mzee mmoja kutoka Liwale aliyekuwa akitazama kwenye simu ya bintiye. Nilipomwamkia akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mlikuwa mnaangalia nini muda wote ule? Tulisikia viti tu."

Nikaifungua rekodi, nikavaa spika za masikioni na kuigeuza simu kifudifudi ili nisikie bila kuona. Kuanzia hapo ndivyo ninavyoipima kila skripti. Pale mzee alipopataja, mimi nasema: "Kama mnavyoona hapa, shada hili limeshaanza. Lipitisheni nyuma kila mmoja alione. Tofauti yake na hili la pili mnaiona wenyewe." Halafu zinapita dakika nne za viti kuburutwa na minong'ono. Ukumbini zile zilikuwa dakika nzuri kuliko zote, maana watu walishika shada, wakalinusa, wakabishana. Aliyeko Liwale alidhani mtandao umekatika, na wengi kama yeye huzima simu hapo hapo.

Wapo wanaoshauri kuandika skripti mbili. Mimi siafiki, kwa sababu msemaji ni mmoja na mdomo ni mmoja, na akiwa na karatasi mbili atapotea. Andika moja, lakini sentensi zake zimtoshe kwanza yule mwenye masikio na kioo kidogo cha simu. Aliyeko ukumbini hatapungukiwa na kitu.

Mafunzo yaliporudiwa baada ya wiki mbili, kipande kile nilikiandika hivi:

"Nimeshika shada la maua ya mkorosho, limekatwa asubuhi hii njia ya Naliendele. Urefu wake ni kama kiganja changu. Maua ya juu yamefunikwa unga mweupe, utadhani mtu ameyapitishia mkono wenye unga wa muhogo. Ya chini yamegeuka kahawia na kukauka. Huu ndio ugonjwa wa ubwiriunga. Mlioko ukumbini, shada linaanza kupita kutoka mstari wa mbele. Mlioko mtandaoni, picha yake iko kwenye skrini sasa, na mwenye mkorosho karibu na nyumba atoke akatazame maua yaliyochomoza wiki hii."

Maneno "hapa", "hili" na "mnavyoona" hayakatazwi, ila kila moja lifuatwe na jina la kitu na sifa yake. Usizidishe pia. Maelezo yakivuka sentensi tatu au nne, ukumbi wenye shada mkononi unachoka kusubiri. Wakati shada linapita, usinyamaze. Hapo nilimwekea mtaalamu aya yake kuhusu salfa, dawa ya ubwiriunga: kwa nini hupulizwa asubuhi na mapema, umande ukiwa bado majanini na upepo umetulia, na kwa nini mkulima asisubiri maua yote yafunguke. Viti viliburutwa kama kawaida, lakini juu yake kulikuwa na sauti ya kusikiliza.

Jambo la pili ni maswali, na hapa skripti nyingi huharibika bila mwandishi kujua. Matangazo ya mubashara huchelewa. Kwenye Zoom ucheleweshaji ni mdogo, lakini kwenye YouTube unaweza kuwa sekunde kadhaa au hata zaidi ya nusu dakika, kutegemea fundi mitambo alivyopanga. Upime mwenyewe kabla ya watu kuingia. Mpe mtu simu inayotumia bando lake, afungue matangazo, kisha piga kofi moja mbele ya kamera na uhesabu sekunde mpaka kofi lionekane kwenye simu. Sisi tulipata 22. Fundi aliniambia anaweza kuzipunguza, lakini hapo simu ya mwenye mtandao dhaifu ingekwamakwama mara kwa mara. Nikamwomba aziache, nirekebishe skripti.

Ukiuliza, "Nani ameona dalili hizi shambani kwake?", ukumbi unanyoosha mikono papo hapo. Aliyeko Newala ndiyo kwanza anakusikia baada ya sekunde 22, anaandika kwa nusu dakika, kisha ujumbe unatumwa na kusomwa. Jumla ni karibu dakika nzima. Ukisubiri sekunde tano na kusema, "Naona mtandaoni hakuna jibu," umemfunga mdomo kabla hajasikia swali.

Kwa hiyo swali la mtandaoni nalitanguliza. Mimi husoma maneno kama 100 kwa dakika, hivyo kati ya swali na kusoma majibu naweka maneno yasiyopungua 100. Katika skripti ile mpangilio ulikuwa hivi: niliwauliza walioko mtandaoni wameona nini mikoroshoni, nikageukia ukumbi nikapokea majibu ya watu wawili, kisha nikamkaribisha dada aliyekuwa akifuatilia ujumbe asome matatu aliyoyanakili kwenye karatasi. Yeye naye alikuwa na maiki yake, na jina lake limo kwenye skripti kama msemaji mwingine yeyote. Kumpungia mkono akiwa nyuma ya ukumbi ni kupoteza muda.

Ukumbini nako, kisichoingia kwenye maiki hakifiki mtandaoni. Ukumbi wetu si mkubwa, na wazee hupenda kusimama na kuuliza kwa sauti. Baada ya kila nafasi ya swali niliandika mstari: "Mzee wetu anauliza..." Mstari huo unamlazimisha msemaji kulirudia swali kabla ya kulijibu. Bila huo, rekodi inabaki na majibu ya maswali yasiyojulikana.

Salamu zisikusumbue. Wataje walioko mtandaoni mwanzoni, pamoja na wengine, kisha waite pale wanapokuwa na kazi ya kufanya. Kuwasalimia kila dakika tano kunauchosha ukumbi.

Na kazi walikuwa nayo. Sisi tulikuwa mjini na shada moja, wao walikuwa na mikorosho yao. Ujumbe wa tatu ulitoka Nachingwea: maua yangu yamekauka ila sioni unga. Picha ilikuwa imeambatana nao, kwenye simu ya yule dada. Mtaalamu akaitazama, akasema, "Hii inafanana na kazi ya mbu wa mikorosho, na salfa haiui mdudu huyu," akaanza kuonyesha kwa kidole alama kwenye kikonyo. Ukumbi mzima ukanyoosha shingo, maana hakuna aliyeona kitu. Mtandaoni pia kamera haikuwa ikiifikia simu ile. Nikamwomba aanze upya. Akasema kuna madoa meusi marefu, yamezama kidogo kwenye ngozi ya kikonyo, na juu yake maua yamenyauka yote kwa pamoja bila unga wowote. Mama mmoja mstari wa nne akasimama, akasema hilo analo shambani tangu mwezi wa 6 na amekuwa akilipulizia salfa. Mtaalamu akajibu. Mimi nikashika maiki na kurudia swali la mama.