Bango lililowaka kwenye ELA

Siku za mwanzo za kutumia ELA, njia ya kukagua kama picha imechezewa, nilimwambia mwenzangu kwamba picha aliyonitumia imeghushiwa, na nilikosea. Ilikuwa picha ya mkutano, yenye bango jekundu la maandishi meupe nyuma ya meza kuu. Kwenye matokeo, ukuta ulikuwa mweusi ila yale maandishi yaliwaka kama taa. Nikakata shauri: yamebandikwa.

ELA haioni mkono wa mtu. Huhifadhi picha upya kwa ubora unaojulikana, hulinganisha nakala hiyo na faili uliyonayo, kisha hukuza tofauti ili jicho lizione. Kwa programu ya ImageMagick ni hivi:

```
convert picha.jpg -quality 90 nakala.jpg
convert picha.jpg nakala.jpg -compose difference -composite -evaluate multiply 20 ela.png
```

Kinachong'aa, basi, ni sehemu iliyobadilika zaidi ilipohifadhiwa upya. JPEG hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kupunguza taarifa ndani ya kila kimoja. Ukuta mtupu hauna kingi cha kupoteza, hivyo hubaki mweusi. Penye ukingo mkali, kama herufi nyeupe juu ya nyekundu, kuna mengi ya kupotea. Isitoshe, faili nyingi za JPEG hutunza rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, ndiyo maana mipaka ya rangi iliyokolea huumia zaidi. Bango lile lingewaka hata kama halikuguswa.

Nilichopaswa kufanya ni kutafuta kitu cha aina ileile ndani ya picha hiyohiyo. Na kilikuwapo: mtu wa safu ya mbele alivaa kofia nyekundu yenye herufi nyeupe. Niliporudi kuitazama, nayo iliwaka kwa kiasi kilekile. Ukingo ulinganishe na ukingo, kitambaa na kitambaa, ukuta na ukuta. Usilinganishe herufi na ukuta.

Kisha nikajaribu mwenyewe. Nilifuta tarakimu moja ya tarehe kwenye bango, nikaandika nyingine, nikahifadhi kwa ubora wa juu. Safari hii tarakimu hiyo iliwapita jirani zake wote kwa mwanga, na wekundu mtupu unaoizunguka ukatoka na chengachenga ambazo hazikuwapo kwingine kwenye bango. Hizo chengachenga za sehemu tupu ndizo ninazozitafuta kwanza siku hizi, kabla hata ya kuangalia herufi.

Nilipoihifadhi picha hiyo mara kadhaa kwa ubora wa 70, tofauti ilififia mpaka sikuiona tena. Programu nyingi za kutumiana ujumbe hupunguza picha na kuihifadhi upya, kwa hiyo ELA nyeusi kutoka huko haithibitishi kwamba picha ni halisi. Ninachofanya ni kumwomba mtumaji faili lilivyotoka kwenye kamera, na asiponipa, siandiki hukumu yoyote.