Pesa za simu hazijikati zenyewe: kupanga bei za programu ya kutafuta mwenza

Anayeanza kazi hii huja na wazo moja kichwani: mteja ajiunge mara moja, kisha kila mwezi pesa zijikate. Wazo hilo limetoka kwenye kadi za benki. Kwa mteja wa Mwanakwerekwe au Chake Chake anayelipa kwa M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, kwa kawaida mambo huenda vyengine. Programu yako inatuma ombi, dirisha dogo linafunguka kwenye simu yake, anaandika namba ya siri, ndipo pesa zinatoka. Asipoandika, hakuna kitu. Kila mwezi ni mauzo mapya.

Basi uza muda, kama bando. Watu wamelizoea bando: la siku, la wiki, la mwezi, likiisha limeisha, na hakuna anayehisi ametegwa. Hesabu saa 24 tangu malipo yalipothibitishwa, si mpaka saa sita za usiku. Mtu aliyelipa saa tatu usiku akakuta kifurushi chake cha siku kimekufa baada ya saa tatu hatalipa tena, na hutomlaumu.

Sasa bei. Kosa la kwanza ni kuanza na bei ndogo kuliko zote, mathali shilingi 300, kwa kudhani udogo ndio utakaoleta watu. Kabla ya kuandika bei yoyote, soma mkataba wa kampuni inayokupitishia malipo na utafute mstari mmoja: kiwango cha chini cha makato kwa kila muamala. Tuchukue mfano kwamba inakata asilimia 3, lakini si chini ya shilingi 100. Kwenye malipo ya 300 umeshatoa thuluthi nzima. Kwenye 500 umetoa asilimia 20. Kwenye 5,000 umetoa 150 tu, yaani asilimia 3 kamili. Asilimia 3 inayotangazwa haikuhusu mpaka malipo yafike shilingi 3,333 hivi. Chini ya hapo unalipa kile kiwango cha chini.

Hapo ndipo bei ya wiki inapozaliwa. Chukua siku moja kwa 500. Mtu akinunua siku nne mbalimbali ndani ya wiki, amekulipa 2,000, makato ni 400, umebaki na 1,600. Akinunua wiki nzima kwa malipo mamoja ya 1,700, makato ni 100, na wewe umebaki na 1,600 ile ile. Kwa hiyo shilingi 300 zinazookolewa kwenye makato unaweza kumrudishia mteja bila ya kupoteza senti. Ukiweka wiki kwa 1,800, unabaki na 1,700, naye anapata siku saba kwa bei isiyofika siku nne. Mpango huo unaweza kumweleza mtu yeyote akauelewa. Ikiwa mkataba wako una kiwango chengine, rudia hesabu hiyo hiyo kwa namba zako kabla ya kuiga za mtu.

Kuna sababu ya pili ya kuchagua 1,800 badala ya 2,000. Mtu huenda kwa wakala na noti, na noti zetu ni za 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000. Akiweka 2,000 na bei yako ni 2,000, ikiwa upande wake nao una ada ya kulipia, salio halitoshi na malipo yanakataa. Kwake yeye programu yako ni mbovu: pesa anazo, bei ni ile ile, na bado inakataa. Weka bei chini kidogo ya noti: 1,800 chini ya 2,000, 4,500 chini ya 5,000. Na iwe shilingi nzima zinazoishia na sifuri mbili. Mtindo wa 1,799 hauna maana hapa; mteja anapiga hesabu ya salio kichwani.

Mwezi kwa 4,500 unatosha, na ishia hapo. Usiuze mwaka. Anayetafuta mchumba anaomba jambo limalizike, na kumuuzia miezi kumi na miwili ni kumwambia kwamba hata wewe huamini kama atapata. Wateja wako wazuri wataondoka kwa sababu wamefanikiwa, kwa hiyo hesabu za mapato zisitegemee kumweka mtu mmoja muda mrefu.

Kipi kilipiwe? Mlipishe anayetaka kuanzisha mazungumzo na watu wengi, au kuona nani amempenda. Usimlipishe aliyeandikiwa ili aweze kujibu. Ujumbe usiojibiwa kwa sababu ya kufuli unamuumiza pia yule aliyeshalipa: anadhani amekataliwa, kumbe mwenziwe hana salio. Na kuwapa wanawake kila kitu bure huku wanaume wakilipa kuna ubaya wake, kwani wanaume huanza kujisajili kama wanawake ili wakwepe bei. Bei moja kwa wote, na kujibu bure kwa wote, hukuepusha na kazi ya kukagua nani ni nani.

Tuje kwenye malipo yenyewe, kwa sababu hapa ndipo pesa ndogo zinapokuwa ugomvi mkubwa. Kwanza, usibashiri mtandao wa mteja kwa kuangalia mwanzo wa namba. Zamani 0777 ilikuwa Zantel bila ya wasiwasi. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, na ombi ulilolipeleka kwenye mtandao usio wake halifiki popote. Muulize achague mtandao, kisha ukumbuke chaguo lake. Mruhusu pia alipe kwa namba isiyokuwa ile aliyojisajilia. Wengi wana laini ya pesa mbali na ya mazungumzo. Na jina linaloonekana kwenye laini ya pesa usilichukue kuwa ndilo jina la mtumiaji. Laini nyengine zimesajiliwa kwa kitambulisho cha ndugu.

Pili, malipo yana hali nne, si mbili: yanasubiri, yamelipwa, yamekataliwa, na hayajulikani. Hiyo ya nne ndiyo inayosahauliwa. Mtandao ukiwa dhaifu Micheweni, mteja anaweka namba ya siri, pesa zinatoka, lakini jibu halifiki kwenye seva yako kwa dakika kadhaa. Ukimwonyesha "Imeshindikana, jaribu tena", atalipa mara ya pili. Mwonyeshe "Tunathibitisha, usilipe tena", funga kitufe cha kulipa kwa oda hiyo, na seva iulize hali ya muamala kwa vipindi: baada ya sekunde 30, dakika 2, dakika 10. Usiseme malipo yameshindikana mpaka mtandao wenyewe utamke hivyo.

Kinyume chake hutokea pia: jibu moja linafika mara mbili, nawe unampa mtu wiki mbili kwa pesa ya wiki moja. Dawa yake ni kuiachia hifadhidata ikatae namba ya kumbukumbu ya muamala iliyoshaingia. Kwenye PostgreSQL:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX malipo_moja
  ON malipo (mtandao, kumbukumbu);

INSERT INTO malipo (mtandao, kumbukumbu, oda, kiasi)
VALUES ($1, $2, $3, $4)
ON CONFLICT (mtandao, kumbukumbu) DO NOTHING;
```

Ongeza siku pale tu `INSERT` iliporudisha mstari 1, na mambo yote mawili yawe ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata. Ikirudisha 0, jibu hilo ni la marudio. Lipokee kwa adabu na usifanye kitu. Linganisha pia `kiasi` na bei ya oda, maana kufika kwa jibu pekee si ushahidi kwamba amelipa kiasi kamili.

Aliyelipa mara mbili kwa kosa lako mpe chaguo: kurudishiwa pesa au kuongezewa muda. Wengi hukubali muda ukiwapa mara moja bila ya maswali. Lakini usimlazimishe, na ada ya kurudisha ibebe wewe.

Siku ya kifurushi kuisha inataka uangalifu kuliko siku ya kuuza. Mkumbushe mara moja, masaa machache kabla, kwa arifa ndani ya programu. Usirushe dirisha la namba ya siri bila ya yeye kubonyeza chochote. Dirisha linalotokea lenyewe linafanana kabisa na la matapeli, na mtu aliyefundishwa asiandike namba ya siri ovyo atafanya jambo la busara: atalikataa, kisha ataifuta programu. Akinunua kabla ya muda kwisha, siku mpya ziungwe mwisho wa zile zilizobaki. Muda ukiisha, mazungumzo yake yabaki yanasomeka. Kuyaficha ili alipe ni kuyashika rehani maneno ya watu wawili, na mmoja wao hana deni lolote kwako.

Jambo la visiwani ambalo vitabu havitokuambia ni Ramadhani. Wapo wengi wanaoyaweka kando mambo ya kutafutana mwezi mzima. Mtu aliyenunua siku 30 mwishoni mwa Shaabani, akarudi baada ya Idi na kukuta sifuri, atasema umemla pesa zake. Weka kitufe cha kusitisha. Ili kifanye kazi, usihifadhi tarehe ya mwisho peke yake. Hifadhi sekunde zilizobaki wakati wa kusitisha, na uhesabu tarehe mpya anaporudi. Ruhusu mara moja kwa kila kifurushi, isizidi siku 30. Na anapositisha, wasifu wake ufichike kwa wengine. Usipouficha, mtu atatuma jumbe zake, asitishe, angojee majibu bure, kisha afungue tena yakishafika.

Mwisho ni ile SMS ya mtandao. Baada ya kulipa, mteja anapokea ujumbe wenye kiasi na jina la mpokeaji, na ujumbe huo unabaki kwenye simu ambayo mama ataiazima kutuma pesa au mdogo wake ataichukua kuchezea. Mji wetu mdogo. Jina la biashara unaloliandikisha kwa mitandao lisitaje mapenzi wala uchumba. Liwe la kawaida, kama la duka lolote. Lakini jina la kawaida lina hatari yake: mteja akiliona ghafla kwenye dirisha la namba ya siri anadhani ameibiwa na anabonyeza kukataa. Kwa hiyo juu ya kitufe cha kulipa andika jina hilo herufi kwa herufi, pamoja na kiasi: "Utaona ombi la Tsh 1,800 kutoka kwa" na jina lenyewe. Lijaribu kwenye kila mtandao kabla ya kufungua milango, kwa simu ya bei rahisi yenye skrini ndogo, kwa sababu jina refu hukatwa katikati, na kipande kinachobaki kinaweza kusomeka kama jina la mtu mwengine kabisa.