Kufunga hesabu ya siku yenye taslimu, lipa namba na kadi

Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba hivi, fedha za wakulima huingia benki, na maduka ya Masasi, Newala na Nachingwea huanza kupokea malipo ya simu na kadi zaidi kuliko miezi mingine. Hapo ndipo wenye maduka wengi wanapoanza kulalamika kwamba hesabu hazikai. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Daftari limeandikwa bei ya bidhaa, benki imeingiza fedha zilizokwisha kukatwa, na mtu analinganisha vitu viwili visivyolingana.

Anza na daftari. Kila mauzo yaandikwe kwa bei kamili aliyolipa mteja, na pembeni herufi moja: T kwa taslimu, L kwa lipa namba, K kwa kadi. Kwenye L andika pia tarakimu nne za mwisho za kumbukumbu namba ya muamala. Ni kazi ya sekunde chache, lakini jioni ndiyo itakayokuokoa.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi pale Masasi. Siku imefungwa, daftari linasema 1,240,000: taslimu 585,000, lipa namba 430,000, kadi 225,000. Ripoti ya Z ya mashine ya EFD nayo isome 1,240,000, kwa sababu risiti hutolewa kwa bei kamili bila kujali mteja kalipa kwa njia gani. Isiposoma hivyo, kuna mauzo hayakutolewa risiti au yamerudiwa, na hilo litafutwe kwanza.

Sasa lipa namba. Usitazame salio peke yake, kwa kuwa salio limechanganya ya jana na uliyotoa leo. Piga hesabu hii: salio la jana, jumlisha yaliyoingia, toa uliyohamisha, toa makato; jibu liwe sawa na salio la jioni. Duka letu lilianza na 180,000, likahamishia benki 300,000, na tuseme makato ya kuhamisha yalikuwa 3,000. Salio la jioni ni 292,000. Maana yake zilizoingia leo ni 415,000, wakati daftari linasema 430,000. Pengo ni 15,000.

Fungua orodha ya miamala kwenye menyu au programu ya lipa namba, uipitishe mstari kwa mstari dhidi ya zile tarakimu nne. Mstari wa daftari usio na mwenzake ndio wenye pengo. Sababu za kawaida ni mbili. Ya kwanza, mteja alituma kwenye namba binafsi ya muuzaji badala ya lipa namba. Fedha ipo, ila imekaa mahali pasipo pake, na ihamishwe siku hiyohiyo. Ya pili, muuzaji aliamini ujumbe alioonyeshwa kwenye simu ya mteja. Mteja akisema, "Dada, nimeshatuma, angalia hapa," muuzaji atazame simu ya duka, si ya mteja. Ujumbe kwenye simu ya mtu unaweza kuwa wa jana au wa kubuni. Hili tunalisisitiza sana, kwa sababu saruji ikishapakiwa kwenye bodaboda hairudi.

Kadi ina tabia yake. Jioni mashine ya kadi ifungwe hesabu, yaani ile hatua ya kutuma miamala ya siku benki na kuchapa risiti ya jumla. Usipofunga, fedha inaweza kuchelewa kuingia. Risiti ya jumla isome 225,000. Lakini benki itaingiza pungufu, na kwa kawaida si siku hiyo. Kama mkataba wako unasema makato ni asilimia 2, utaona 220,500. Mauzo yabaki 225,000, na zile 4,500 ziandikwe kwenye matumizi, safu ya makato ya benki. Anayeandika mauzo 220,500 anaficha gharama yake mwenyewe, na ripoti ya Z itamkataa. Mauzo ya Jumamosi na Jumapili yanaweza kuingia kwa pamoja, hivyo yajumlishe kwanza kabla ya kulinganisha. Asilimia halisi isome kwenye mkataba wako, usichukue ya jirani.

Mtandao ukikatika katikati ya malipo, mashine isipotoa risiti, usimwombe mteja apitishe kadi tena papo hapo. Akaunti yake inaweza kuwa imeshakatwa. Chapa orodha ya miamala ya mashine kwanza. Ukiukuta muamala huo umekubaliwa, mpe mzigo. Muamala usipokuwepo, andika saa, kiasi na tarakimu nne za mwisho za kadi, kisha mpigie benki simu mteja akiwa bado amesimama hapo. Akilipa taslimu wakati anasubiri, andika T na weka alama pembeni, ili kadi ikija kuonekana imekatwa ujue ni nani wa kumrudishia.